Somo: Namna ya kuandika barua ya kuomba bajeti ya hifadhi na seva ya akiba

Nimeulizwa jambo hili mara nyingi mno kwa ujumbe wa faragha, na kila mara nimejibu yale yale, kwa hiyo nayaweka hapa yote kwa pamoja. Atakayeniuliza tena nitamwelekeza huku.

Mfano wetu ni seva moja ya hifadhidata yenye nafasi ya GB 4,000, ambayo tarehe 1 Februari ilikuwa imetumia GB 2,900, na ambayo haina seva ya akiba.

Hatua ya 1. Pima nafasi iliyotumika kwa amri hii, kila wiki, siku ile ile na saa ile ile:

```
df -BG /data
```

Hatua ya 2. Kusanya vipimo vya miezi mitatu au zaidi kisha utafute wastani. Katika mfano wetu ni GB 90 kwa mwezi.

Hatua ya 3. Tafuta tarehe ya mwisho ya uamuzi, si tarehe ya diski kujaa. Hapa ndipo nilipokosea katika barua yangu ya kwanza. Nilichukua GB 1,100 zilizobaki, nikagawanya kwa 90, nikapata miezi 12, nikaandika kwamba diski itajaa baada ya mwaka mmoja. Hesabu ilikuwa sahihi, lakini viongozi waliosoma "mwaka mmoja" waliona wana muda wa kutosha, wakaiahirisha barua hadi bajeti iliyofuata. Sikuweza kuwalaumu, kwa kuwa ndivyo nilivyokuwa nimewaambia.

Nilichopaswa kufanya ni kuhesabu kwa kurudi nyuma. Kwanza, seva ya hifadhidata haifanyi kazi salama hadi GB ya mwisho, kwa sababu kazi za matengenezo huhitaji nafasi ya ziada: `VACUUM FULL` ya PostgreSQL, kwa mfano, huandika nakala mpya ya jedwali zima kabla ya kuifuta ile ya zamani. Mimi huweka ukomo wa asilimia 85, ambao kwa mfano wetu ni GB 3,400. Zimebaki GB 500, yaani miezi mitano na nusu, na hiyo inatufikisha katikati ya Julai. Pili, tangu barua inaposainiwa hadi diski ziwe zimefungwa na kujaribiwa kuna ankara kifani, idhini, usafirishaji na ufungaji. Kama kwenu hayo huchukua miezi mitatu, basi uamuzi unatakiwa kabla ya katikati ya Aprili. Kwa hiyo muda halisi wa viongozi si mwaka mmoja, bali ni wiki kumi.

Angalieni mambo mawili. Muda wa manunuzi uulize idara inayonunua, usiukisie. Na tarehe ya uamuzi iwe katika aya ya kwanza ya barua, kwa sababu wengine hawatafika ya tatu.

Hatua ya 4. Hesabu ukubwa wa kuomba. Kwa miaka mitatu: 90 × 36 ni 3,240, jumlisha 2,900 upate 6,140, gawanya kwa 0.85 upate takriban GB 7,220 zinazotumika.

Hatua ya 5. Eleza hatari kwa matukio, si kwa istilahi. Matukio mawili yanatosha: diski kujaa, na seva kuharibika. Aya zenyewe ziwe hivi:

> YAH: OMBI LA BAJETI YA HIFADHI NA SEVA YA AKIBA
>
> Tunaomba uamuzi wa ombi hili kabla ya tarehe 15 Aprili. Baada ya hapo, vifaa havitafika kabla hifadhi haijavuka kiwango salama katikati ya Julai.
>
> Hifadhi ikijaa kabisa, mfumo utaacha kupokea kumbukumbu mpya, na unaweza kuzimika wenyewe. Aidha, seva ikiharibika leo, hatuna mashine ya kuibadili. Hata tukipata ya kuazima siku hiyo hiyo, kurejesha data kutoka kwenye nakala rudufu kutachukua karibu saa 7, na kila kilichoandikwa baada ya nakala ya mwisho kitapotea. Tukiwa na seva ya akiba, tunakadiria kurejesha huduma ndani ya dakika 30.

Saa 7 hizo zimetokana na kasi ya kurejesha tuliyoipima, MB 120 kwa sekunde. Dakika 30 nazo zijaribuni kabla ya kuziahidi. Hasara ya fedha kwa kila saa ya kusimama iombeni kwa mhasibu, kwa maana namba ya mhasibu haibishaniwi kama ya fundi.

Hatua ya 6. Ambatisha ankara kifani na jedwali la vipimo. Barua isizidi ukurasa mmoja.

MASWALI YA WANACHAMA

Mlinzi wa Data: Mkuu, naomba unitumie barua kamili nibadilishe jina la ofisi tu.

Jibu: Hapana. Namba za mfano wangu si zako, na swali la kwanza la viongozi litakuwa umezipata wapi. Anza hatua ya 1.

Kijana wa Zamu: Si mfute tu faili za zamani? Mbona mnapenda kununua?

Jibu: Kama zipo za kufutwa, zifute kabla ya kupima, na uandike katika barua kwamba umefanya hivyo. Katika mfano huu kinachokua ni kumbukumbu za wateja, na hizo fundi hana mamlaka ya kuzifuta.

Mwanafunzi wa Mifumo: Samahani mwalimu, nimeona diski nne za TB 4. Je, zinatosha kwa GB 7,220?

Jibu: Swali zuri sana. Zikipangwa mbili mbili kama pacha, kila moja ikihifadhi nakala ya mwenzake, nusu ya nafasi inakwenda kwenye ulinzi, na zinabaki TB 8. Lakini muuzaji huhesabu TB kwa 1,000, ilhali `df -BG` huhesabu kwa 1,024, hivyo utaona takriban 7,450, pungufu kidogo kwa matumizi ya mfumo wa faili wenyewe. Zinatosha kwa shida. Kumbuka pia kuwa seva ya akiba inahitaji hifadhi ya ukubwa ule ule. Wengi huomba mashine na kusahau diski zake.

Bibi Hifadhidata: Tukishakuwa na seva ya akiba, bado tunahitaji nakala rudufu?

Jibu: Ndiyo, dada, na liandikeni wazi ili bajeti ya nakala isikatwe. Mtu akifuta jedwali kwa makosa kwenye seva kuu, ufutaji huo hufika kwenye seva ya akiba baada ya muda mfupi tu. PostgreSQL ina `recovery_min_apply_delay`, inayoichelewesha seva ya akiba kwa muda unaouchagua, lakini hiyo iwe seva ya ziada, kwa sababu iliyocheleweshwa haiko tayari kupokea kazi papo hapo.

Mwanafunzi wa Mifumo: Na vipimo vya kila wiki, kuna njia ya kutovisahau?

Jibu: Weka mstari huu kwenye `crontab` ya `root`. Alama ya `%` lazima itanguliwe na `\`, la sivyo amri itakatika hapo:

```
0 6 * * 1 (date +\%F; df -BG /data) >> /root/ukuaji.txt
```

Itapima kila Jumatatu saa 12 asubuhi. Faili hilo ndilo jedwali lako la hatua ya 6.