Kupanga nyumba ya familia kwenye kiwanja chembamba: uwazi wa mwanga na ghorofa ya baadaye

Nitatumia kiwanja cha Dar es Salaam chenye upana wa mita 8 na urefu wa mita 20, kilichobanwa na majirani kaskazini na kusini, huku barabara ikiwa mashariki. Familia ina uwezo wa kujenga chini tu kwa sasa, lakini inataka kuongeza vyumba juu watoto watakapokua. Jambo linaloamua kila kitu hapa ni kwamba uwazi wa mwanga, yaani nafasi inayoachwa bila paa katikati ya nyumba ili kuingiza mwanga na hewa, upimwe kwa kimo cha nyumba itakayokuwepo mwishoni, si kwa kimo cha nyumba ya leo.

Hatua ya 1: Hakiki mipaka na masharti. Pata bikoni zote nne na upime upana mbele, katikati na nyuma, kwa kuwa kuta za majirani mara nyingi hazifuati mstari ulionyooka. Kisha uliza halmashauri ni umbali gani lazima uachwe kutoka mpakani. Mfano huu unachukulia kwamba umeruhusiwa kujenga hadi mpakani pande mbili ndefu; kama hukuruhusiwa, upana wa vyumba utapungua, ila hesabu ya mwanga inabaki ileile.

Hatua ya 2: Panga sehemu ya chini ukiwa na ghorofa ya juu akilini. Acha mita 3.5 mbele na mita 2.5 nyuma, nyumba ibaki na urefu wa mita 14. Igawe mara tatu: mita 5 za mbele ziwe sebule na chumba kimoja, mita 4 za katikati ziwe jiko, sehemu ya kulia chakula na ngazi, na mita 5 za nyuma ziwe vyumba viwili na choo. Uwazi wa mwanga ukae katika sehemu ya katikati, ukiegemea ukuta wa kaskazini, ili sebule, jiko na chumba kimoja cha nyuma vyote vipate madirisha yanayofunguka kwenye uwazi huo. Ngazi yenye kona, inayopanda mita 3, inahitaji takriban mita 3 kwa 2.2, ifikike kwa korido kutoka mlango wa mbele, ili ghorofa ikipangishwa mpangaji asipite sebuleni kwako.

Hatua ya 3: Pima uwazi kwa jua. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, kwa hiyo adhuhuri ya Juni jua huinama kama nyuzi 30 upande wa kaskazini, na Desemba kama nyuzi 17 upande wa kusini. Chora mkato wa nyumba, yaani mchoro unaoionyesha kana kwamba imekatwa wima kutoka kaskazini hadi kusini, kwa skeli ya 1:50, kisha kutoka kwenye ncha ya ukuta wa kaskazini shusha mstari ulioinama nyuzi 30 kutoka wima. Ukuta wa mita 3 hutupa kivuli cha mita 1.7 hivi, na uwazi wa mita 2 bado unapata jua sakafuni. Ukuta huo ukifika mita 6, iwe ni wako au wa jirani, kivuli kinakuwa mita 3.5, na jua la Juni linaishia ukutani mwa jiko, mita 2.5 juu ya sakafu.

Je, upana wa mita 2 unatosha? Kwa ghorofa moja juu, ndiyo, mradi kuta za uwazi zipakwe nyeupe na dirisha la jiko lifike karibu na mkanda wa zege. Mita 1.2, ambayo mafundi wengi huipendekeza ili kuokoa nafasi, huonekana nzuri hadi siku ghorofa inapoezekwa; tangu hapo taa ya jikoni huwaka mchana. Usiuzibe juu kwa bati la kupitisha mwanga, kwa sababu hewa ya moto itakwama humo. Wavu wa nondo unatosha kwa usalama.

Hatua ya 4: Toa maji kabla ya kumwaga jamvi. Uwazi wa mita 2 kwa 4 hupokea lita 400 mvua ya milimita 50 inaponyesha. Shusha sakafu yake sentimita 15 chini ya sakafu ya nyumba, na ulaze bomba la inchi 4 kuelekea mbele, likiinama sentimita 1 hadi 2 kwa kila mita, bila kuliunganisha na bomba la choo. Weka na bomba la pili juu kidogo, kwa siku ambayo majani yataziba la kwanza. Mwaga ndoo kadhaa na uangalie zinakotokea kabla hujafukia.

Hatua ya 5: Jenga msingi wa nyumba nzima. Mhandisi akokotoe nguzo na msingi kwa uzito wa ghorofa. Kama ghorofa iko karibu, ni afadhali kumwaga zege la juu sasa, kwa kuwa kuondoa bati wakati familia imo ndani ni usumbufu mkubwa. Ukiezeka bati, acha nondo za nguzo zitokeze. Kwa nondo ya milimita 12, sentimita 60 ni kiwango cha kawaida cha kuunganishia. Zifunike kwa zege hafifu litakalovunjwa baadaye, maana hewa ya bahari huzila haraka. Acha pia njia za mabomba ya maji na nyaya kuelekea juu, na uwasilishe awamu zote mbili katika ombi moja la kibali cha ujenzi.