Kabla ya kuwasha kikuzaji cha mosfeti: mambo ya kuzingatia

Mwanafunzi wa uhandisi wa umeme Makerere au Kyambogo akipewa zoezi la kikuzaji cha soosi ya pamoja, mara nyingi hukimbilia fomula ya ukuzaji. Fomula ni fupi na hesabu yake ni ya dakika moja. Kazi yenyewe iko kabla ya hapo, na ndiyo ninayotaka tuiandae vizuri, kwa mfano mmoja tu: transista ya 2N7000, betri ya sola ya volti 12, rezista ya 2.2 kΩ kwenye dreni na ya 470 Ω kwenye soosi. Nimechagua betri kwa makusudi. Haina mngurumo wa 50 Hz wa umeme wa ukutani, ambao huingia kwa urahisi kwenye geti. Ila uitoe kwanza kwenye chaja, maana ikiwa inachajiwa volteji yake hupanda zaidi ya 14 na vipimo vyote vinahama.

Kwanza, hakikisha miguu. Ukiitazama 2N7000 upande wake bapa, miguu ikielekea chini, kutoka kushoto ni soosi, geti, dreni. BS170 ina umbo lile lile na kazi karibu ile ile, lakini mpangilio ni kinyume: dreni, geti, soosi. Muuzaji wa Kampala akikupa moja badala ya nyingine hajakudhulumu, mradi umesoma maandishi. Ukiichomeka kinyume, diodi iliyomo ndani ya transista itapitisha mkondo bila kuijali geti. Utaitambua kwa multimita: kati ya dreni na soosi utakuta kama volti 0.7, na ukizungusha volteji ya geti kidogo hakuna kinachobadilika.

Pili, ijue transkondaktansi ya transista uliyonayo mkononi. Transkondaktansi, gm, hujibu swali moja: volteji ya geti ikipanda kidogo, mkondo wa dreni unapanda kwa kiasi gani? Usiinakili kutoka kwenye jedwali la mtengenezaji, kwa sababu thamani ya pale hutolewa kwa mkondo mkubwa, 200 mA, nasi tutatumia 2 mA. Kibaya zaidi, jedwali hilo hilo linaruhusu volteji ya kizingiti iwe popote kati ya 0.8 V na 3 V. Transista mbili za mfuko mmoja zinaweza kutofautiana sana.

Kwa hiyo pima. Unganisha soosi moja kwa moja na graundi, lisha geti kwa potenshomita, kisha soma volteji juu ya rezista ya dreni. Ikisoma 3.30 V, mkondo ni 1.5 mA, ikisoma 5.50 V, ni 2.5 mA. Tuseme kati ya hali hizo mbili geti imesogea 50 mV. Basi milliampea 1 kugawanya kwa 50 mV ni 20 mS, na hiyo ndiyo gm yako pale katikati, kwenye 2 mA.

Hapa kuna mtego. Volteji ya geti huwa karibu au juu ya 2 V, na multimita ya bei nafuu ikifika hapo huhamia skeli ya 20 V, ambako tarakimu ya mwisho ni 10 mV. Mabadiliko ya 50 mV yanakuwa hatua tano tu, na kukosea hatua moja ni kukosea asilimia 20. Dawa yake ni kuweka potenshomita ya pili inayotoa volteji tulivu karibu na ile ya geti, kisha kupima tofauti kati ya hizo mbili kwenye skeli ya 200 mV. Na usiishike transista kwa vidole wakati unapima. Kizingiti hushuka milivolti chache kwa kila digrii ya joto, na joto la mkono linatosha kuharibu kipimo cha 50 mV.

Tatu, kumbuka modeli ya ishara ndogo inadai nini kabla haijakupa jibu. Modeli inaichukulia transista kama chanzo cha mkondo, gm mara volteji ndogo kati ya geti na soosi, huku betri ikihesabiwa kama graundi kwa ishara. Ni kweli tu ikiwa dreni iko juu vya kutosha hadi mkondo unaitii geti, si dreni. Ni kweli pia tu ikiwa ishara ni ndogo. Ndogo kulinganisha na nini? Na ziada ya volteji ya geti juu ya kizingiti. Kwetu ziada hiyo ni mara mbili ya 2 mA kugawanya kwa 20 mS, yaani 0.2 V. Ishara yenye kilele cha 20 mV kati ya geti na soosi huleta upotoshaji wa harmoniki ya pili wa asilimia 2.5 hivi. Ukifika 100 mV, wimbi limeharibika na hesabu yako haina maana tena.

Sasa weka rezista ya soosi. Mkondo ukipanda, soosi nayo inapanda, na hivyo inaila sehemu ya ishara iliyoingia kwenye geti. Ukuzaji unakuwa:

```
Av = -gm*RD / (1 + gm*RS)
```

Bila RS tungepata −44. Tukiweka 470 Ω, kigawanyo ni 1 + 9.4, na jibu ni −4.2. Hasara kubwa, utasema. Lakini chukua transista nyingine yenye gm ya 30 mS: bila RS ukuzaji unaruka hadi −66, ilhali ukiwa na RS ni −4.4. Tofauti ya asilimia 50 imebaki kama asilimia 3. Pia kwa vile kila ishara inagawanywa kwa 10.4, sasa unaweza kuingiza kilele cha 200 mV na transista yenyewe ikaona 19 mV tu. Kwa maoni yangu biashara hiyo ni nzuri, hasa pale ambapo huwezi kuchagua transista moja moja.

Upande wa DC, soosi itakaa kwenye 0.94 V na dreni kwenye 7.6 V. Kama geti yako ilihitaji 2.1 V juu ya soosi, iweke kama 3.04 V juu ya graundi. Rezista za 300 kΩ na 100 kΩ zinakupa 3 V, karibu kabisa, lakini transista yenye kizingiti cha 3 V isingewaka kwa mgawanyo huo. Ndiyo maana tulipima kwanza. Pima dreni kabla ya kuleta ishara: ikiwa 12 V, haijawaka, ikiwa karibu sawa na soosi, imefunguka kupita kiasi.

Leta ishara ya 1 kHz kupitia kapasita ya 100 nF. Oskiloskopu ikionyesha ukuzaji wa 40 na kitu badala ya 4, kuna kapasita imebaki sambamba na RS. Ikionyesha 3.5, tazama ulichounganisha kwenye kutokea: mzigo wa 10 kΩ ulio sambamba na 2.2 kΩ hufanya hivyo hasa. Ukihitaji ukuzaji zaidi, gawa RS iwe 100 Ω na 390 Ω, kisha weka kapasita kubwa kwenye 390 peke yake. Dreni itabaki karibu pale pale, na ukuzaji utapanda hadi kama −14.7.