Safu Moja Ikipangwa Peke Yake: Kugundua Uharibifu na Kuurekebisha

Tuchukue orodha ya wanachama 240 iliyo katika mistari ya 2 hadi 241, yenye namba ya uanachama katika safu A, jina katika B, simu katika C na salio katika D. Mtu ameteua safu D pekee, akaamuru ipangwe, na Excel ilipomwonya akachagua `Continue with the current selection` badala ya `Expand the selection`. Masalio yamehama, majina yamebaki palepale.

Hatua ya kwanza ni kubonyeza Ctrl+Z, iwapo faili halijafungwa na hakuna kazi nyingine iliyofanywa. Vinginevyo, endelea.

Hatua ya pili ni kuthibitisha uharibifu. Jumla ya safu haitakusaidia, kwa kuwa tarakimu ni zilezile na zimebadilishana nafasi tu. Wengi hudanganyika hapa. Pima badala yake kama safu imepangika kikamilifu:

```
=SUMPRODUCT(--(D2:D240>D3:D241))
```

Jibu likiwa 0, masalio yanapanda kutoka juu hadi chini bila kukosea hata mara moja, jambo lisilotarajiwa katika orodha iliyopangwa kwa namba za uanachama. Kipimo hiki hupoteza nguvu ikiwa orodha nzima ilipangwa upya baadaye, na hapo ni nakala ya zamani pekee itakayoamua.

Hatua ya tatu, fungua historia ya matoleo ya faili na utafute toleo la mwisho kabla ya safu kuvurugwa. Usilirejeshe juu ya faili la sasa, maana utafuta kazi yote iliyofuata. Nakili karatasi yake kwenye faili lako na uipe jina Zamani. Kisha katika E2 andika fomula hii na uiburute hadi chini:

```
=INDEX(Zamani!$D$2:$D$241,MATCH(A2,Zamani!$A$2:$A$241,0))
```

Namba ya uanachama ndiyo inayobeba kazi hii, hivyo isijirudie popote, kwani `MATCH` huchukua ya kwanza inayoikuta. Jina halifai: wawili wakiitana somo, wote watapewa salio la mmoja. Palipo na `#N/A`, mwanachama huyo hakuwamo katika nakala ya zamani.

Hatua ya nne ndiyo ngumu, nayo ni kutenga masalio yaliyoandikwa baada ya uharibifu. Katika F2 weka:

```
=COUNTIF(Zamani!$D$2:$D$241,D2)=0
```

Kila `TRUE` ni salio ambalo halikuwamo zamani. Usilikubali moja kwa moja, kwa sababu aliyeliandika huenda aliongeza malipo mapya juu ya salio la mtu mwingine. Litafute katika stakabadhi, ukokotoe upya kuanzia kiasi kilichomo katika E, na uandike jibu humo humo. Mistari hiyo ikiisha, nakili E na uibandike juu ya D kama thamani tupu, si fomula, ndipo ufute E, F na karatasi ya Zamani.