Wakikupa ofa ya kazi, usitie saini siku hiyo hiyo

Mwezi wa tano, hoteli moja ya Nungwi, Zanzibar, ilimpa mdogo wangu ofa ya kazi ya mapokezi: shilingi 600,000. Akashukuru, akaomba siku mbili. Hapo ndipo pa kuzungumza, wameshamchagua na mkataba bado haujatiwa saini. Tena msimu wa wageni unakaribia, kuanza kutafuta mtu upya kungewachelewesha.

Kwanza aliuliza kama ni kabla au baada ya makato ya hifadhi ya jamii ya ZSSF na kodi. Kisha akaomba 750,000, akitaja anachowaletea: anazungumza Kitaliano, na mfumo wao wa kubuku vyumba anaujua tayari. Kodi ya nyumba na ada za watoto hakuzigusa. Hayo ni mahitaji yake, hayawaongezei wao kitu.

Meneja akasema bajeti inaishia 650,000. Mdogo wangu alikuwa amejipangia: chini ya 700,000 hakubali, ila apate chumba cha wafanyakazi, maana nauli ya kila siku kutoka Mjini ingekula nyongeza yote. Akapewa chumba, na mshahara kupanda hadi 700,000 baada ya miezi mitatu ya majaribio. Alisubiri yote mawili yaandikwe kwenye mkataba, ndipo akatia saini.