Kupanua, kuzungusha au kurutubisha kazi: jibu la mtihani liko wapi?

Swali likikuuliza ni mbinu ipi kati ya hizi tatu za kupanga kazi ya mfanyakazi inayoongeza motisha kweli, usikimbilie fasili. Jiulize kwanza: nani anaamua?

Mchukue karani anayeingiza ankara kwenye kompyuta kutwa nzima. Ukimwongezea kuzichapa na kuzipanga kwenye mafaili, umepanua kazi yake. Ukimhamishia kwenye stakabadhi wiki ijayo, kisha kwenye mishahara, umemzungusha. Uchovu unapungua, na akiugua mwenzake yeye anaweza kuziba pengo. Lakini kila karatasi bado inasubiri sahihi ya msimamizi.

Sasa mkabidhi wasambazaji wake mwenyewe: akague ankara zao, amalize migogoro yao, aidhinishe malipo hadi kiwango fulani, na ripoti ya makosa imfikie yeye moja kwa moja. Huko ndiko kurutubisha. Mzigo umeongezeka kwenda juu, si kando tu, na ndani yake mna vile vitu ambavyo mwanasaikolojia Frederick Herzberg aliviita vichocheo: wajibu, mafanikio, kutambuliwa.

Kwa hiyo chagua kurutubisha, ila alama za mwisho huzipata anayetaja mipaka. Karani asiyetaka madaraka, asiyefunzwa, au anayeona mshahara haumtoshi, ataona amebebeshwa kazi ya bosi bure. Na wengi hukosea hapa: wanaandika “majukumu zaidi” bila kusema ni maamuzi gani yamehama. Msahihishaji akisoma hivyo, anaona umeeleza kupanua.