Kabla ya kuagiza moramu ya barabara ya kuingilia

Kosa la hesabu ya moramu kwa kawaida haliko kwenye urefu na upana, maana hivyo kila mtu anajua kupima. Liko kwenye unene. Fundi akisema "sentimita 15", muulize kwanza: kabla rola haijapita, au baada? Jibu linalofaa ni baada ya kushindilia. Moramu inauzwa ikiwa imetifuka ndani ya tipa, lakini barabara inapimwa ikiwa imeshikana, na ujazo wa hali hizo mbili haufanani hata kidogo.

Tuchukue barabara ya mita 60, upana mita 3.5, unene wa sentimita 15 baada ya kushindiliwa. Zidisha 60 kwa 3.5 kwa 0.15, unapata mita za ujazo 31.5. Wengi huishia hapo na kupiga simu.

Kabla ya simu, angalia kingo. Moramu haisimami wima pembeni kama ukuta, huteremka. Ukiacha mteremko wa sentimita 30 kila upande, pembetatu hizo mbili kwa mita 60 zinakula mita za ujazo 2.7. Kisha kuna mdomo, pale barabara yako inapokutana na ile kubwa na kutanuka ili gari lipate kukata kona. Kwa kona mbili zenye nusu kipenyo cha mita 5, ongeza kama mita 1.6 za ujazo. Sasa tuko kwenye 35.8.

Hapa ndipo penye mtego. Moramu nyingi hupungua karibu robo ya ujazo ikishindiliwa, kwa hiyo mtu huongeza asilimia 25 na kupata 44.8. Amekosea. Hiyo robo inapungua kutoka kwenye moramu iliyotifuka, si kutoka kwenye iliyoshikana, kwa hiyo unagawanya: 35.8 kwa 0.75, sawa na 47.7. Tofauti ni karibu mita tatu za ujazo, na utaiona mwishoni mwa barabara, mita chache za mwisho zikiwa nyembamba kama chapati. Robo yenyewe si sheria. Moramu yenye kokoto nyingi hupungua kidogo zaidi au pungufu ya hapo, kutegemea machimbo na maji iliyo nayo. Njia ya kuhakikisha ni kumwaga tipa la kwanza, kulisambaza kwa kufuata uzi kwenye unene wa sentimita 20, kulinyeshea na kulishindilia, kisha kupima tena. Ikishuka hadi 15, robo yako ni sahihi. Ikishuka hadi 14, rekebisha oda kabla matipa mengine hayajaja.

Jambo linalokula moramu kimyakimya ni mgongo wa barabara. Ili maji yaende pembeni, katikati lazima painuke, tuseme asilimia 5. Ukiuchonga mgongo huo kwenye udongo wa chini kwanza, moramu inalala juu yake kwa unene uleule na hesabu haibadiliki. Ukiacha ardhi tambarare na kutaka moramu ndiyo itengeneze mgongo, katikati utahitaji karibu sentimita 9 za ziada, na kwa barabara yetu hiyo ni kama mita 9 za ujazo zilizoshikana, yaani 12 zilizotifuka. Ni karibu tipa mbili, zimetumika kufanya kazi ambayo jembe lingeifanya. Vivyo hivyo, ondoa udongo wenye mizizi na uzibe mashimo kwanza. Kila shimo ulilosahau litajazwa na moramu uliyoinunua kwa ajili ya juu.

Halafu pima tipa lenyewe. Jina la "tipa la tani kadhaa" halikuambii ujazo. Chukua futi kamba, pima bodi kwa ndani: urefu mita 4, upana 2.2, na kimo cha moramu 0.8, ni mita za ujazo 7 hivi, ukihesabu hadi usawa wa bodi, si kichuguu. Gawanya 47.7 kwa 7, unaagiza tripu saba. Aliyeishia kwenye 31.5 angeagiza tano.

Kwa sentimita 15 rola nzito inatosha kwa tabaka moja. Kama una mashine ndogo ya kusukuma kwa mkono, gawa katika matabaka mawili, vinginevyo juu patakuwa pagumu na chini patabaki laini, na magurudumu yatachora mifereji mvua ya kwanza tu.

Lami hesabu yake ni tofauti, kwa sababu inauzwa kwa tani. Barabara hiyohiyo kwa sentimita 5 zilizoshindiliwa ni mita za ujazo 10.5. Zidisha kwa takriban tani 2.4 kwa kila mita ya ujazo, upate tani 25.2. Hapo usigawanye kwa 0.75: uzito haubadiliki kwa kushindilia. Ongeza tu asilimia chache za upotevu, na hesabu mdomo kando.