Somo: Kufumua faili la Excel ulilorithi na kulijenga upya bila kupoteza jibu la zamani

Mfano wetu ni faili la muuzaji wa jumla wa vifaa vya ujenzi nchini Kenya. Lina shiti mbili zenye kazi: `Mauzo`, inayotoa VAT kwenye mauzo ya kila mwezi, na `Fedha`, inayokadiria ovadrafti na riba yake. Aliyelijenga ameondoka. Namba zimepigwa ndani ya fomula, vichwa vimeunganishwa seli tatu tatu, na riba inajizunguka, yaani fomula yake inategemea jibu lake yenyewe.

Mpangilio wa kazi ndio kila kitu hapa. Faili jipya litoe kwanza jibu lile lile la zamani, pamoja na makosa yake. Baada ya hapo ndipo usahihishe, kosa moja kwa wakati. Ukijenga na kusahihisha kwa pamoja, mwisho utakuwa na majibu mawili yasiyolingana, na hutaweza kusema tofauti imetoka wapi.

Hatua ya 1: Gandisha majibu ya zamani

Nakili faili. Fungua nakala hiyo peke yake, kabla ya faili lingine lolote, kisha uchague shiti ya matokeo yote, unakili, na ubandike kama thamani tu (`Paste Special > Values`) kwenye shiti mpya iitwayo `Zamani`. Fanya hivi kabla ya kugusa mpangilio wa hesabu. Ukizima kwanza mzunguko, seli zilizo ndani yake zinaweza kugeuka sifuri, na jibu uliloahidi kulilinda litakuwa limeshapotea.

Hatua ya 2: Tafuta namba zilizopigwa mkono

Namba hizi ziko za aina mbili, na kila moja ina mtego wake.

Ya kwanza ni seli yenye namba tupu mahali palipotakiwa fomula. Simama kwenye seli moja tu, bonyeza `F5`, kisha `Special > Constants`, ukiacha alama kwenye `Numbers` peke yake. Zipake rangi zote zilizochaguliwa. Ukiwa umechagua eneo la seli nyingi, Excel itatafuta ndani ya eneo hilo tu na utadhani shiti ni safi.

Ya pili ndiyo inayoumiza: namba iliyojificha ndani ya fomula, mfano `=SUM(F5:F16)+35000`. Kwa kuwa ni fomula, hatua iliyopita haiioni. Chagua mstari mzima wa miezi, anzia kwenye seli ya kwanza yenye fomula unayoiamini, kisha bonyeza `Ctrl+\`. Excel itachagua seli ambazo fomula yake haifanani na ya kwanza. Mstari wa miezi 12 unapaswa kuwa na fomula moja. Ukiona miezi miwili imechaguliwa, hapo pana mkono wa mtu.

Hiyo 35,000 usiifute. Ihamishie kwenye shiti mpya iitwayo `Ingizo`, ipe jina "marekebisho, chanzo hakijulikani", na fomula iielekee huko. Jibu linabaki lile lile, ila sasa kila mtu anaiona.

Hatua ya 3: Viwango vya kodi viwe na tarehe

Kenya ilishusha VAT kutoka asilimia 16 hadi 14 tarehe 1 Aprili 2020, kisha ikairudisha 16 tarehe 1 Januari 2021. Faili lenye `/1.16` ndani ya fomula lilipaswa kubadilishwa mara mbili, na mara nyingi hubadilishwa nusu. Kuzitafuta, bonyeza `Ctrl+F`, andika `/1.1`, weka `Within: Workbook` na `Look in: Formulas`. Kama mjenzi alizidisha, andika `~*0.1`. Bila ile alama ya `~`, nyota humaanisha "chochote kile" na utaletewa matokeo yasiyohusika.

Pima uzito wa kosa. Mauzo ya Aprili 2020 yenye kodi ndani ni sh. 1,140,000. Ukigawa kwa 1.14 unapata 1,000,000 kamili. Fomula iliyosahauliwa kwenye 1.16 inatoa 982,758.62, yaani mauzo yamepungua sh. 17,241.38 kwa mwezi huo mmoja.

Badala yake tengeneza shiti `Viwango`: safu A iwe tarehe ya kuanza, safu B kiwango, kuanzia ya zamani kwenda mpya. Hapa kuna mistari mitatu: mwanzo wa data, Aprili 2020 na Januari 2021. Kwenye `Mauzo`, A5 ni tarehe ya mwezi na C5 ni mauzo yenye kodi ndani:

```
=C5/(1+LOOKUP(A5,Viwango!$A$3:$A$5,Viwango!$B$3:$B$5))
```

Tarehe ziandike kwa `=DATE(2020,4,1)`. Kompyuta iliyowekwa mpangilio wa Marekani husoma 1/4/2020 kama tarehe 4 Januari, na kiwango cha 14 kitaanza miezi mitatu kabla ya wakati bila onyo lolote. Na mwezi ukiandikwa kama maandishi badala ya tarehe, `LOOKUP` itarudisha `#N/A`. Hiyo ni heri, kwa sababu kosa linalopiga kelele lina nafuu kuliko linalonyamaza.

Lakini kumbuka mpangilio wa kazi: kama faili la zamani lilitumia 1.16 mwezi Aprili 2020, weka kwa muda 16% kwenye mstari huo wa `Viwango` hadi majibu yalingane. Kusahihisha kunakuja hatua ya 6.

Hatua ya 4: Seli zilizounganishwa

Excel inapounganisha seli, thamani hubaki kwenye ya juu kushoto tu. Nyingine ni tupu. Ndiyo maana `SUMIFS` inayotafuta "Saruji" inaokota mstari wa kwanza na kuiacha miwili ya chini yake. Dalili yake ni jumla ya kundi kuwa ndogo kuliko jumla ya mistari unayoiona kwa macho.

Zipate kwa `Ctrl+F > Options > Format > Alignment > Merge cells`, kisha `Find All`. Tenganisha, chagua safu ile ya majina peke yake, `F5 > Special > Blanks`, andika `=` ukifuatiwa na mshale wa juu, na ubonyeze `Ctrl+Enter`. Majina yatajaa kushuka chini. Nakili na ubandike kama thamani, la sivyo ukipanga data upya majina yatahama. Kwa kichwa cha ripoti kinachotakiwa kukaa katikati, tumia `Center Across Selection`. Muonekano ni ule ule na seli zinabaki huru.

Hatua ya 5: Kata mzunguko

Tenganisha kwanza ajali na makusudi. `=SUM(D5:D20)` iliyoandikwa ndani ya D20 ni ajali. Rekebisha eneo, basi. Riba ya ovadrafti ni ya makusudi: riba inategemea wastani wa deni la mwanzo na la mwisho, na deni la mwisho lina riba ndani yake.

Mzunguko huu hauhitaji kompyuta kubahatisha. Unatatuliwa kwa aljebra ya shule. Deni la mwanzo liite D, mahitaji ya fedha ya mwezi kabla ya riba M, na kiwango cha mwezi k. Riba ni k × (D + M/2) ÷ (1 − k/2).

Chukua D ya sh. 2,000,000, M ya 400,000 na k ya asilimia 1. Juu unapata 22,000. Ukigawa kwa 0.995, riba ni 22,110.55. Hakiki: deni la mwisho 2,422,110.55, wastani 2,211,055.28, asilimia 1 yake ni 22,110.55. Mzunguko wa zamani ulikuwa unatafuta namba hii hii kwa kurudia rudia.

Fomula hii ina mpaka: ni sahihi iwapo akaunti iko kwenye deni mwanzo na mwisho wa mwezi. Kwa hiyo:

```
=IF(AND(C10>=0,C10+C11>=0),
 Ingizo!$B$4*(C10+C11/2)/(1-Ingizo!$B$4/2),
 Ingizo!$B$4*MAX(0,C10))
```

C10 ni deni la mwanzo, C11 ni mahitaji ya mwezi, na `Ingizo!B4` ni kiwango cha riba cha mwezi. Sasa zima `Enable iterative calculation` kwenye `File > Options > Formulas`, bonyeza `Ctrl+Alt+F9`, na uangalie chini kushoto. Maneno `Circular References` yakiwa bado yapo, kuna mzunguko mwingine.

Hatua ya 6: Linganisha, kisha sahihisha

Kwenye shiti `Ulinganisho` toa jipya kwa zamani, seli kwa seli. Tofauti yoyote inayozidi shilingi 1 ina sababu, itafute. Zikishalingana, anza masahihisho, na kila moja lipate mstari wake kwenye shiti `Maelezo`: tarehe, seli, fomula ya zamani, fomula mpya, sababu, na badiliko la jibu kwa shilingi.

Maswali ya wanachama

Nakuru: Shukrani, mwalimu. Ripoti za nyuma zimeshapelekwa benki zikiwa na makosa hayo. Nikisahihisha si nitaonekana mimi ndiye niliyeharibu?

Jibu: Ndiyo maana ya safu ya mwisho kwenye `Maelezo`. Unampelekea mkuu wako jibu la zamani, chini yake masahihisho moja moja yenye kiasi chake, na jibu jipya ambalo ni jumla yao. Kama mistari hiyo haijumliki hadi senti, usipeleke bado. Kuwaandikia benki upya au la ni uamuzi wake, si wako.

Mombasa: Kwa nini tusiwashe tu ile `iterative`? Kwetu inafanya kazi miaka yote.

Jibu: Inafanya kazi kwa anayefungua faili hilo kwanza. Excel huchukua mpangilio huo kutoka kwa faili la kwanza kufunguliwa tangu Excel ilipowashwa. Mwenzako akifungua lingine kabla, anapata onyo na sifuri. Ubaya mwingine: `#VALUE!` ikiingia mara moja kwenye mzunguko haitoki hata ukirekebisha chanzo, maana kila seli inasoma kosa la mwenzake. Na ikiwashwa, mzunguko wa ajali kama ule wa D20 hautaonywa kabisa.

Bujumbura: Ndugu, Excel yangu ni ya Kifaransa. Fomula ya hatua ya 3 inakataa.

Jibu: Tumia nukta-mkato kati ya sehemu, na jina la Kifaransa:

```
=C5/(1+RECHERCHE(A5;Viwango!$A$3:$A$5;Viwango!$B$3:$B$5))
```

Faili lenyewe ukitumiwa halina shida, Excel inabadilisha majina yenyewe. Shida ni kunakili maandishi.

Nakuru tena: Akaunti yetu huvuka sifuri katikati ya mwezi. Ile `IF` inatosha?

Jibu: Haitoshi kwa usahihi. Mwezi ukianza na deni na kuisha na akiba, inatoza riba ya mwezi mzima kwa deni la mwanzo, hivyo inazidisha. Ukianza na akiba na kuisha na deni, inatoa sifuri, hivyo inapunguza. Benki huhesabu kwa salio la kila siku, kwa hiyo hata wastani wa mwezi ni makadirio. Kama miezi ya namna hiyo ni mingi, gawa jedwali kwa wiki, na usisahau kubadilisha `Ingizo!B4` kutoka kiwango cha mwezi kwenda cha wiki.